Wakala wa ajira anapokurudia baada ya mwaka mmoja

UJUMBE huo kwa kawaida huingia jioni, kwenye simu ya mkononi wala si kwenye barua pepe ya ofisini. Anayeuandika ni wakala wa ajira yule yule aliyempatia mpokeaji kazi anayoifanya sasa, na tangu waagane yapata mwaka mmoja umepita. Anamjulia hali, anauliza kama ametulia, kisha anagusia kwamba kuna nafasi mahali fulani ambayo huenda ikamfaa.

Wafanyakazi wengi wa ngazi ya kati na ya juu nchini Kenya, hasa wahasibu, wahandisi, mameneja wa mauzo na wataalamu wa kompyuta, wamewahi kuupata ujumbe wa namna hii. Wapo wanaouchukua kuwa bahati iliyoshuka kutoka mbinguni na kuukimbilia. Wapo pia wanaouogopa wakidhani ni mtego wa mwajiri wao. Wachache ndio wanaojua kwa nini umekuja wakati huo hasa, nani analipa gharama za mazungumzo hayo, na wakala amefungwa na ahadi gani kwa mwajiri waliye naye.

Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa kufuata mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe ni wa kubuni, lakini umejengwa kwa masharti na hesabu zinazotumika katika biashara hii.

Chukulia mhasibu mmoja aliyefanya kazi miaka sita katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu jijini Nairobi. Mnamo Machi 2024 wakala alimhamishia katika kiwanda cha kusaga unga mjini Thika akiwa mhasibu mwandamizi, kwa mshahara wa Sh180,000 kwa mwezi. Mnamo Aprili 2025, miezi 13 baadaye, wakala huyo anamwandikia akimweleza kuhusu nafasi ya meneja wa fedha katika kampuni ya kusindika maziwa mjini Nakuru, kwa mshahara wa Sh230,000.

Kwa nini mwaka mmoja

Mteja wa wakala ni mwajiri. Katika kazi za ngazi hii, mwajiri ndiye hulipa ada, nayo hukadiriwa kwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu aliyeajiriwa. Asilimia hiyo hutofautiana kati ya wakala mmoja na mwingine, na kadiri cheo kinavyopanda ndivyo nayo inavyoelekea kupanda.

Tuseme katika mfano wetu ada ni asilimia 20. Mshahara wa Sh180,000 kwa mwezi ni Sh2,160,000 kwa mwaka, kwa hivyo kiwanda cha Thika kilimlipa wakala Sh432,000. Kampuni ya Nakuru ikimwajiri mhasibu huyo kwa Sh230,000, mshahara wa mwaka utakuwa Sh2,760,000 na ada itakuwa Sh552,000. Kwa mtu mmoja, katika muda wa miezi 13, wakala atakuwa amelipwa jumla ya Sh984,000.

Waajiri wanaielewa hatari iliyomo katika hesabu hiyo. Kama wakala angeruhusiwa kumleta mtu leo na kumwondoa kesho, angegeuza wafanyakazi kuwa mali ya kuuza mara mbili. Kwa sababu hiyo mikataba kati ya waajiri na mawakala huwa na vifungu viwili vya kujikinga, na vifungu hivyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini simu ya mhasibu wetu ilikuwa kimya kwa mwaka mzima.

Kifungu cha kwanza ni dhamana ya kuleta mtu mwingine. Mfanyakazi akiacha kazi au akifutwa kwa kushindwa kazi kabla ya muda uliokubaliwa, ambao mara nyingi ni miezi mitatu au sita, wakala hulazimika kutafuta mwingine bila malipo mapya, au kurudisha sehemu ya ada. Katika kipindi hicho wakala hana faida yoyote ya kumgusa mtu aliyempeleka. Akimwondoa, anajitia hasara mwenyewe.

Kifungu cha pili ni ahadi ya kutochukua wafanyakazi wa mteja. Hapa wakala hujifunga kwamba kwa muda fulani, aghalabu mwaka mmoja au miwili, hatamfuata mfanyakazi yeyote wa kampuni iliyompa kazi. Mawakala wanaojali jina lao huenda mbali zaidi. Wanaahidi kwamba mtu waliyempeleka wao wenyewe hawatamfuata kamwe maadamu bado yuko kwa mwajiri huyo.

Kwa hivyo ujumbe unapoingia mara tu baada ya miezi 12, yafaa mpokeaji ajiulize kilichobadilika ni nini. Yawezekana muda wa ahadi umekwisha. Yawezekana mwajiri wake ameacha kumtumia wakala huyo na uhusiano wao umekatika. Yawezekana pia kwamba ahadi ingalipo na wakala anaivunja akitumaini kwamba hakuna atakayejua. Hali hizi tatu hazilingani hata kidogo, na njia ya kuzitenganisha ni kumuuliza wakala waziwazi.

Ipo njia ya nne ambayo mawakala huitumia kupita pembeni mwa ahadi. Badala ya kumwambia mtu aje, humuuliza: "Je, unamjua yeyote anayefaa nafasi hii?" Kisha humweleza nafasi inayofanana naye kama kiatu na mguu. Mhusika akijibu kwamba anayefaa ni yeye mwenyewe, wakala ataweza kudai kwamba hakumfuata mtu, bali mtu ndiye aliyejitokeza. Swali hilo halina kosa lenyewe, na mara nyingine huulizwa kwa nia safi. Ila anayeulizwa ajue kwamba huenda ni yeye anayetafutwa.

Jambo moja husahaulika sana. Ahadi hiyo inamfunga wakala, haimfungi mfanyakazi. Mhasibu wetu hakutia saini karatasi hiyo na pengine hajawahi kuiona. Nafasi ya Nakuru ikitangazwa gazetini, ana uhuru wa kuituma barua yake mwenyewe, na akiajiriwa hakuna ahadi iliyovunjwa. Kinachomfunga yeye ni mkataba wake wa kazi na kiwanda cha Thika, na huo ndio anaopaswa kuutoa kabatini na kuusoma upya.

Ujumbe wenyewe

Kuna namna mbili za kuandika ujumbe huu, na tofauti yake hueleza mengi kuhusu aliyeuandika. Namna ya kwanza ni hii:

"Nina nafasi nzuri sana ya meneja wa fedha yenye mshahara wa kuvutia. Nitumie wasifu wako leo kabla ya saa kumi kwa sababu nafasi inafungwa."

Maneno haya yangeweza kutumwa kwa wahasibu 200 kwa wakati mmoja, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Hayataji mahali, aina ya kampuni, wala sababu ya kumchagua huyu na kumwacha yule. Linganisha na namna ya pili:

"Ni mimi niliyekuunganisha na kiwanda cha Thika mwezi Machi mwaka jana, natumai umetulia vyema. Wakati ule uliniambia kwamba lengo lako ni kusimamia idara ya fedha, na kwamba hupendi kazi yenye safari nyingi. Sasa nimepewa jukumu la kumtafuta meneja wa fedha wa kampuni ya kusindika maziwa iliyoko Nakuru. Idara ina watu saba na safari ni chache. Mwajiri wako si mteja wetu tena na muda wa ahadi tuliyompa umekwisha. Sijamtajia mtu yeyote jina lako. Ukiona inafaa, tuzungumze kwa dakika ishirini jioni yoyote wiki hii. Ikiwa umetosheka hapo ulipo, nijulishe tu nami sitakusumbua."

Katika ujumbe huu kila sentensi ina kazi yake. Kutaja mwezi na mahali kunathibitisha kwamba mwandishi ni yule aliyejulikana zamani, si tapeli aliyeokota jina mtandaoni. Kutaja lengo la mhasibu kunaonyesha kwamba wakala amefungua kumbukumbu za mahojiano ya mwaka uliotangulia. Wakala hodari huandika humo mshahara wa mtu, muda wa notisi yake, sababu ya kuacha kazi ya awali, umbali anaoweza kusafiri na mambo asiyoyataka. Kumbukumbu hizo ndizo mtaji wake, kwa maana zinamwezesha kujua anayefaa kabla hata ya kutangaza nafasi.

Sentensi ya ahadi iliyokwisha inajibu swali la uaminifu kabla halijaulizwa. Ile inayosema kwamba jina halijatajwa inamtoa mpokeaji hofu ya habari kumfikia bosi wake. Mlango wa kukataa nao umeachwa wazi bila kuwekewa saa ya kufungwa. Nafasi ya meneja wa fedha haijazwi kwa siku moja. Huchukua majuma kadhaa, hata miezi, kwa hivyo haraka ya saa chache ni dalili kwamba wakala anashindana na wenzake kuwasilisha majina, au kwamba hakuna nafasi yoyote.

Hapo ndipo matapeli nao hupatia mwanya. Alama yao kubwa ni kuomba fedha: ada ya kusajiliwa, ya kupitisha wasifu, au ya kupimwa afya katika kituo wanachokichagua wao. Kwa kuwa katika kazi hizi anayemlipa wakala ni mwajiri, anayemdai fedha mtafutwa anastahili kutiliwa shaka hapo hapo. Wakala halali nchini anatakiwa kusajiliwa, na usajili huo unaweza kuulizwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Iwapo ujumbe umetoka kwa nambari mpya, njia salama ni kupiga simu ya ofisi aliyoitumia wakala zamani na kumuuliza kama ndiye aliyeandika.

Maswali kabla ya kutuma wasifu

Kumbukumbu za wakala, hata zikiwa nzuri namna gani, ni za mwaka uliopita. Aliyekuwa hana mtoto huenda sasa anaye. Aliyekuwa akipanga nyumba huenda ameanza kujenga. Mazungumzo ya kwanza yafaa kuanza kwa kurekebisha picha hiyo, maana wakala akiendelea kuifuata ile ya zamani atampendekeza mtu ambaye hayupo tena.

Baada ya hapo mhasibu anapaswa kuuliza mambo manne, na majibu yake yawe wazi kabla wasifu haujatoka mkononi mwake.

La kwanza ni kama kiwanda cha Thika kingali mteja wa wakala, na ahadi baina yao ilikwisha lini. Wakala anayebabaika hapa anaonyesha pia jinsi atakavyozitunza siri za mhasibu.

La pili ni kwa nini nafasi iko wazi. Kama meneja aliyetangulia amepandishwa cheo, hiyo ni habari njema. Kama ni mtu wa tatu kuondoka katika muda wa miaka miwili, tatizo huenda liko katika kiti chenyewe. Mhasibu ana haki pia ya kutaka kujua kama hesabu za kampuni zimekaguliwa na kutiwa saini kwa wakati, kwa sababu meneja mpya wa fedha ndiye atakayerithi mzigo uliolimbikizwa.

La tatu ni jina la kampuni. Wakala anaweza kulificha katika ujumbe wa kwanza kwa sababu za kibiashara, lakini hawezi kulificha kabla ya kupeleka wasifu. Nchi yetu si kubwa katika ngazi hizi. Inawezekana mkurugenzi wa kampuni ya Nakuru na mwenye kiwanda cha Thika ni marafiki wa siku nyingi, au wanakaa pamoja katika bodi moja. Ni mhasibu mwenyewe anayeweza kuipima hatari hiyo.

La nne ni ruhusa. Wasifu usipelekwe kwa mwajiri yeyote pasipo idhini ya mwenyewe kwa maandishi, nayo iwe ya nafasi moja iliyotajwa. Sharti hili lina sababu ya kisheria na sababu ya kibiashara. Kisheria, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kupinga matumizi hayo na kutaka habari zisizo sahihi zirekebishwe. Kibiashara, mawakala wawili wakipeleka wasifu wa mtu mmoja kwa kampuni moja, ugomvi wa nani anayestahili ada huzuka mara moja. Ili kuepuka kudaiwa mara mbili, waajiri wengine huamua kumwacha mtu huyo kando, naye hatajua kamwe kilichomkosesha kazi.

Kuna suala pia la watu watakaoulizwa habari zake. Mwajiri mpya atataka kuzungumza na msimamizi wake wa sasa, na mazungumzo hayo yakifanyika mapema siri imekwisha. Utaratibu unaokubalika ni kwamba msimamizi wa sasa haulizwi mpaka mwajiri mpya awe ametoa ahadi ya kazi kwa maandishi. Hadi wakati huo, wa kuulizwa ni wale wa kazi ya awali. Kwa mhasibu wetu hao wapo, kwa kuwa alikaa miaka sita katika kampuni ya ukaguzi. Miaka hiyo sita itamsaidia pia kujibu swali ambalo hana budi kuulizwa, yaani kwa nini anaondoka baada ya mwaka mmoja. Hatua moja fupi baada ya ukaaji mrefu hueleweka. Hatua mbili fupi zikifuatana huanza kusomwa kama tabia.

Hesabu ya Sh50,000

Nyongeza ya Sh50,000 kwa mwezi inavutia, lakini yafaa ipimwe kwa kile kinachobaki mkononi. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, nyongeza hiyo ingekatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, jumla Sh2,125. Makato hayo mawili hayatozwi ushuru wa mapato, kwa hivyo Sh47,875 zinazosalia ndizo zingetozwa, na kwa mshahara wa kiasi hiki kiwango chake ni asilimia 30, yaani takriban Sh14,360. Makato ya NSSF hayaongezeki, kwa sababu mshahara wake wa sasa tayari umevuka kikomo cha makato hayo. Kinachobaki ni kama Sh33,500.

Sasa tuseme mumewe anafanya kazi Thika na watoto wanasoma huko, kwa hivyo atapanga chumba Nakuru na kurudi nyumbani kila mwisho wa juma. Chumba kikiwa Sh18,000 na nauli Sh8,000 kwa mwezi, Sh26,000 zimeondoka. Anabakiwa na Sh7,500 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni Sh90,000.

Kiwanda cha Thika nacho, tuseme, hutoa bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja kila Desemba kwa aliye kazini siku hiyo. Akiondoka Juni, bonasi ya Sh180,000 kabla ya ushuru inapotea yote. Ikiwa kiwanda kilimlipia mafunzo kwa sharti la kukaa miaka miwili, anaweza kudaiwa gharama hizo. Na ikiwa alipewa malipo ya kumkaribisha alipoingia, asome mkataba kuona kama sehemu yake inarudishwa anapoondoka mapema.

Zaidi ya fedha kuna usalama wa kazi. Mhasibu huyu amekwisha kumaliza kipindi cha majaribio huko Thika. Kwa Nakuru ataanza upya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kipindi hicho kifike miezi sita, na kinaweza kuongezwa miezi sita mingine kwa ridhaa ya mfanyakazi. Katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba tu au kwa malipo ya siku saba. Aliye kazini baada ya majaribio na anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28.

Hesabu hii haimaanishi kwamba asiende. Inaonyesha kwamba katika mwaka wa kwanza mshahara hautoshi kuwa sababu ya kuhama. Kama ipo sababu, ni cheo chenyewe: kutoka kuandaa hesabu hadi kusimamia idara, hatua ambayo huenda ikachukua miaka mitano kuipata Thika. Inaonyesha pia mambo ya kudai katika makubaliano. Anaweza kuomba posho ya nyumba kwa miezi sita ya kwanza, fidia ya bonasi atakayoiacha, na kipindi cha majaribio cha miezi mitatu badala ya sita.

Hapa ndipo ni muhimu kukumbuka wakala anasimama wapi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ada yake inapanda pamoja na mshahara, atapigania kila shilingi. Ni kweli kwa kiasi kidogo tu. Mhasibu akiongezewa Sh10,000 kwa mwezi, wakala anapata Sh24,000 zaidi. Lakini mwajiri akikasirika na kumgeukia mtu mwingine aliyeletwa na wakala tofauti, wakala anapoteza Sh552,000. Faida yake kubwa iko katika kufunga makubaliano upesi. Pale anaposema, "Nadhani hicho ndicho kikomo chao," huenda anasema kweli, na huenda amechoka.

Upande wa pili, dhamana ile ile iliyomnyamazisha mwaka uliotangulia inamfanya asitake kumpeleka mtu asiyefaa. Mhasibu akiondoka Nakuru baada ya miezi minne, wakala atafanya kazi upya bila malipo. Ndiyo maana wakala mwangalifu humuuliza mtu wake mara kwa mara kama familia imekubali, kama nyumba imepatikana, na atafanya nini mwajiri wa sasa akimwongezea mshahara ili abaki. Maswali hayo huonekana ya udadisi, kumbe ni ya kujikinga, na yanamfaa pia anayeulizwa.

Kutoka na kubaki

Akiamua kwenda, mpangilio wa hatua ndio unaomlinda. Kwanza apate barua ya ajira iliyotiwa saini, yenye mshahara, cheo, kipindi cha majaribio na tarehe ya kuanza. Kisha ahakikishe kwamba masharti yaliyowekwa katika barua hiyo, kama vile kuthibitishwa kwa vyeti, yametimizwa. Baada ya hapo ndipo aandike barua ya kujiuzulu. Ahadi ya mdomo ya wakala, hata wakala mwaminifu, haiwezi kumfunga mwajiri ambaye bodi yake imebadilisha nia.

Notisi yake ni ile iliyo katika mkataba ikiwa inazidi siku 28. Akitaka kuondoka kabla, sheria inamruhusu kulipa mshahara wa siku ambazo hakuzitumikia, na waajiri wapya wakati mwingine hukubali kubeba gharama hiyo wakiwa na haraka. Anapoondoka anadai malipo ya likizo alizochuma bila kuzitumia, pamoja na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri ana wajibu wa kisheria kukitoa.

Akiamua kubaki, jibu linastahili kuandikwa pia. Kunyamaza huacha jina lake katika orodha likiwa na alama ya swali. Mistari michache inatosha: kwamba ameshukuru, kwamba hahami kabla ya kutimiza angalau miaka miwili, na kwamba siku za usoni atapenda kusikia tu kuhusu nafasi za usimamizi zilizo karibu na Thika. Wakala ataiandika katika kumbukumbu zake kando ya ile ya mwaka uliotangulia. Kama hataki kutafutwa tena kabisa, anaweza kuagiza habari zake zifutwe, na wakala akikaidi bila sababu ya kisheria, malalamishi hupelekwa kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Katika hali zote mbili, mazungumzo hayo hayapaswi kupita kwenye kompyuta au barua pepe ya kiwanda. Vifaa hivyo ni mali ya mwajiri, na wahudumu wake wa mitambo wanaweza kusoma yaliyomo. Wakala aliyeandika jioni, kwenye simu ya mtu binafsi, alilijua hilo tangu mwanzo.